Vivuli viwili vya mchana na mzingo wa dunia

Dhana: Mmoja akipima kivuli Arusha na mwingine Moshi, dunia imepimika.

Haipimiki. Moshi iko mashariki ya Arusha, karibu kwenye latitudo ileile, kwa hiyo jua la adhuhuri huiangukia miji yote miwili kwa pembe moja. Inatakiwa miji iliyopangana kaskazini na kusini, kama Aleksandria na Syene (Aswan ya leo) alizotumia Mgiriki Eratosthenes kupima dunia zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mwenzake Arusha anayefaa ni Songea: iko karibu kusini moja kwa moja, kilomita 810 hivi. Umbali huo upimwe kwenye ramani, maana barabara ya basi inazunguka sana.

Dhana: Lazima wote wapime dakika ileile.

Kinachotafutwa ni kivuli kifupi kuliko vyote vya siku hiyo, kila mtu alipo. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko magharibi yake. Ndiyo maana tarehe 20 Machi kivuli cha Arusha hufikia ufupi wake mnamo saa 6:40 mchana, na cha Songea dakika kama nne baadaye. Ukipima saa sita kamili Arusha, fimbo ya mita moja itakupa kivuli cha karibu sentimita 19, kimelalia magharibi, na hesabu yote imeharibika. Anza mapema na uweke alama kila baada ya dakika mbili hadi uone kivuli kimeanza kurefuka tena.

Siku hiyo, fimbo ikiwa imesimamishwa kwa timazi, kivuli kifupi kabisa cha Arusha ni sentimita 5.9 na cha Songea 18.9. Gawa kila kimoja kwa 100, bonyeza tan⁻¹ kwenye kikokotoo: nyuzi 3.4 na nyuzi 10.7. Tofauti ni 7.3, ambayo inaingia kwenye 360 mara 49.3. Zidisha kwa 810, unapata kama kilomita 39,900. Mzingo unaopita kwenye ncha mbili za dunia ni 40,008.

Dhana: Pembe hutolewa, basi.

Kwa Eratosthenes ilikuwa hivyo, kwa kuwa jua la adhuhuri halipiti kati ya miji ile ya Misri. Kwetu linapita. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu 11 Oktoba, kivuli cha Arusha huelekea kaskazini na cha Songea kusini, vyote sentimita 6.4 hivi. Ukitoa unapata sifuri, yaani dunia isiyo na mwisho! Hapo pembe zinajumlishwa. Kwa hiyo andika pia kivuli kimeelekea wapi, si urefu peke yake.

Mimi ningechagua 20 Machi, kwa sababu ya ukungu ulioko kwenye ncha ya kivuli. Jua lina upana wa nusu nyuzi, hivyo ncha hiyo hufifia kwa karibu milimita 9. Wengi husoma mwisho wa sehemu nyeusi, na pembe inapungua kwa robo nyuzi. Wote wawili wakikosea hivyo, kutoa kunafuta kosa. Kujumlisha kunaliongeza maradufu: 7.3 inakuwa 6.8, na dunia inanenepa kwa karibu kilomita 3,000.