Usingizi Mwezi wa Ramadhani: Maswali na Majibu

Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani Mikindani. Nikitoka tarawehe nashona nguo za Idi hadi saa 6 usiku, saa 9:45 naamka kupika daku. Mchana nasinzia mashineni, nikilala alasiri basi usiku sipati usingizi. Nifanyeje?

Marahaba, dada. Kwa hesabu yako, hata ukipata usingizi saa 6 hiyo hiyo, unalala chini ya saa 4, ilhali mtu mzima anahitaji angalau saa 7 ndani ya siku nzima. Saa hizo si lazima zipatikane kwa mkupuo mmoja. Zinaweza kugawanywa, lakini kipande kikubwa kinapaswa kuwa usiku na kianze wakati ule ule kila siku, kwa sababu usingizi mzito unaorudisha nguvu za mwili huja zaidi katika saa za kwanza baada ya kulala, na usingizi wenye ndoto nyingi huongezeka kadiri alfajiri inavyokaribia. Anayechelewa kulala kisha akaamka mapema kwa daku hupoteza zaidi usingizi huu wa pili, na hasara yake huonekana katika hasira za haraka, kusahau vipimo vya mteja na kushona mshono mmoja mara mbili.

Ushauri wangu ni kuihamisha kazi badala ya kuuhamisha usingizi. Tarawehe ikimalizika mnamo saa 3 kasoro, nenda nyumbani, punguza taa, weka simu mbali na kitanda, ulale saa 3:30. Chakula cha daku kipike jioni pamoja na futari, kiwe cha kupashwa moto tu. Hapo hutahitaji kuamka saa 9:45, kwani saa 10:15 inatosha kupasha, kula na kunywa maji kabla ya adhana, nayo mafundisho yenyewe yanahimiza kuichelewesha daku. Kutoka saa 3:30 usiku hadi saa 10:15 alfajiri ni saa 6 na dakika 45. Baada ya swala ya alfajiri keti mashineni. Wakati huo tumbo lina chakula, hewa bado ina ubaridi, na mwanga wa asubuhi unaoingia machoni huipa saa ya ndani ya mwili ishara kwamba siku imeanza, jambo litakalokusaidia kupata usingizi mapema jioni inayofuata. Kata na shona nguo ngumu asubuhi hiyo, kisha vifungo na pindo viwe kazi ya mchana.

Usingizi wa alasiri ndio unaokuharibia usiku. Tangu mtu anapoamka, haja ya usingizi hujikusanya mwilini polepole, na anayelala saa 10 hadi saa 11:30 jioni huitumia haja ile ile ambayo ingemlaza usiku. Badala yake lala kailula baada ya adhuhuri, dakika 20 hadi 25, na usivuke saa 9 alasiri. Tega kengele, kwa maana ukizama kwenye usingizi mzito ukakatishwa katikati, utaamka na kichwa kizito kuliko ulivyolala. Ukijumlisha kailula hiyo, unafikisha saa 7. Mpango huu huchukua siku kadhaa kukaa sawa. Siku 2 au 3 za mwanzo utajilaza saa 3:30 macho yakiwa makavu, na hilo lisikukatishe tamaa, kwa kuwa saa ya mwili haihami kwa usiku mmoja.

Wateja watakaotaka nguo usiku wa kuamkia Idi watakuwepo. Pokea kazi kwa kiasi cha saa ulizonazo, na tangaza mapema tarehe ya mwisho ya kupokea vitambaa.

Je, chai ya baada ya futari inazuia usingizi? Mimi bila chai kichwa kinauma.

Inazuia, kwa kuwa kafeini iliyomo katika majani ya chai na katika kahawa huchukua takribani saa 5 kupungua nusu mwilini, ingawa watu hutofautiana. Kikombe cha saa 2 usiku bado kina nguvu yake saa 6 usiku. Wapo wanaosema kwamba wao hunywa kahawa na kulala vizuri. Mara nyingi hulala kweli, ila usingizi wao huwa mwepesi bila wao kujua. Baada ya futari kunywa mchaichai au tangawizi bila majani ya chai. Kuumwa kichwa kunakotokana na kukosa kafeini kwa kawaida huisha ndani ya siku chache, na aliyezoea kafeini anaweza kubakiza kikombe kimoja kidogo wakati wa daku, alimradi hana mpango wa kurudi kulala.

Nikila daku nikarudi kitandani, kifua kinaungua na maji machungu yanapanda kooni. Nifanye nini?

Hiyo ni tindikali ya tumboni inayopanda kwa sababu umelala huku tumbo likiwa limejaa. Kinachotakiwa ni kuongeza muda kati ya kula na kulala, na saa 2 hadi 3 ndizo salama zaidi, ambazo kwa mwenye daku ni vigumu kuzipata. Basi punguza ujazo na mafuta. Ming'oko au muhogo wa kuchemsha, maharage na tunda hukaa na mtu mchana kutwa bila kumsumbua kama vitumbua na samaki wa kukaanga. Kula sehemu kubwa ya mlo wako wakati wa futari, kaa wima kuanzia daku hadi swala imalizike, na ukijilaza, lalia ubavu wa kushoto huku kichwa na mabega vikiwa vimeinuliwa. Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au tayani hayahusiani na daku. Hayo yapelekwe hospitali saa ile ile.

Neno moja kwa wanaohamia barazani kutafuta upepo: mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, kwa hiyo chandarua kihamie nanyi.

Mume wangu ana kisukari na anafunga. Ikifika saa 10 jioni anasinzia sana. Nitajuaje kama ni usingizi tu?

Mwenye usingizi tu, ukimwita huitika na maneno yake hueleweka, na ngozi yake huwa kavu. Mwenye sukari iliyoshuka hutoa jasho baridi, hutetemeka, moyo humwenda mbio, na huenda akajibu mambo yasiyoeleweka au akawa mkali bila sababu. Usikisie, mpime. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi funga. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 mmol/L, afungue mara moja kwa vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa ndani ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, arudie. Kipimo kikizidi 16.6 mmol/L pia afungue, na aende hospitali. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni. Akimbizwe hospitali, iwe Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi.

Kama anatumia insulini au glibenklamide, hatari ya sukari kushuka jioni ni kubwa zaidi, na akipitiwa na usingizi akakosa daku, asifunge siku hiyo. Dozi na saa za dawa hupangwa upya na daktari wake kabla mwezi haujaandama, asizibadilishe mwenyewe.