Umejiunga grupu la mashabiki ukakaa kimya? Soma hapa kabla hujaleta ripoti

Msimu huu dawati letu la maadili ya utafiti hapa Tanga limepokea malalamiko ya mashabiki waliokuta maneno yao kwenye ripoti za wanafunzi, kwahiyo nieleze. Netnografia, yaani kuchunguza watu kwa kufuatilia wanavyoongea mtandaoni, ni njia ya mtafiti Robert Kozinets, aliianza miaka ya 1990 akisoma mashabiki wa vipindi vya televisheni, na yeye mwenyewe mwanzoni alisisitiza mtafiti ajitambulishe. Wapo waliombishia hasa kwenye mada nyeti, wakasema ukijitambulisha watu wananyamaza. Sawa, mjadala upo, ila mjadala sio ruhusa.

Chukulia mfano wa mashabiki wa Coastal Union. Kuna kurasa ya Fesibuku iko wazi, na kuna grupu la Wasap ambalo umeingizwa na binamu yako. Ukurasa wazi unaweza kuusoma kimya. Grupu hapana jamani, kule watu wanaongea kama wako kibarazani na aliyekuingiza alidhani wewe ni Mgosi mwenzao. Kule unaanza na admini, unaandika tangazo, linabandikwa, unasubiri siku saba, asiyetaka meseji zake hazichukuliwi, fomu inasainiwa nakala mbili, moja inabaki kwetu. Ukiruka hapo data inafutwa mbele yetu na kazi unaanza upya, hata kama umebakiza wiki moja kukabidhi.

Sasa hili linalonichosha: "lakini nimeficha jina". Tuseme shabiki kaandika kwenye ukurasa wazi, "niliaga kazini naumwa tumbo, saa kumi niko Mkwakwani na ngoma yangu". Wewe unaandika Shabiki wa 7 halafu unanukuu neno kwa neno. Bosi wake akikopi hiyo sentensi akaibandika kwenye sehemu ya kutafuta, jina na picha vinaweza kutokea hapo hapo. Kwahiyo jaribu mwenyewe kabla hujaleta, kila nukuu. Ikitokea, iseme kwa maneno yako, kwamba mmoja alidanganya kazini ili awahi mechi, kisha itafute tena. Ni kweli ladha ya utani inapotea, na kama ladha ndiyo unayoichambua basi mfuate mwenyewe umuombe, hakuna njia ya mkato.

Ukimya nao una hasara yake kwenye matokeo, ukiacha maadili. Mtu anaandika "leo African Sports tunawazika, leteni sanda", asiyeuliza anaweka alama ya chuki, wakati ni utani wa watani wa mji mmoja na aliyeandika kaoa kwa hao hao. Ndo maana tunataka tafsiri yako uirudishe kwa mashabiki watatu wanne waisome kabla ya kuandika sura ya mwisho. Wakicheka pale ulipoandika uhasama, rudi kwenye daftari.

Fomu zipo dirisha la pili, mje kabla ya saa nane.