Ukiulizwa na TRA kuhusu dola za mtandaoni: panga kumbukumbu kabla hujaanza kujieleza

Miezi hii hapa ofisini kwetu TRA Tanga tumepokea vijana wengi wenye barua za kutakiwa maelezo ya fedha walizolipwa kutoka nje kupitia majukwaa ya kazi. Wengine ni watafsiri, wengine wachoraji wa nembo, wengine huandika maneno yanayopita chini ya video. Wengi hawakukusudia kukwepa kodi. Tatizo ni kwamba wanakuja na simu mkononi, wanatelezesha picha za skrini mbele ya afisa, kisha wanashangaa kwa nini haziwasaidii.

Kwanza niliondoe jambo linalochosha kulisikia kila wiki: "Mimi kodi nimeshalipa Marekani, nilijaza fomu." Fomu hiyo ni W-8BEN. Kwa kuijaza umelieleza jukwaa kwamba wewe si mkazi wa Marekani, na kazi uliyoifanya ukiwa Mikanjuni haikatwi kodi huko. Hukulipa chochote, ulithibitisha kwamba hudaiwi kule. Ile kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 2 nayo ni ya kampuni ya nje kwa mapato yake yenyewe, wala haigusi deni lako. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, inaangalia mahali huduma ilipotolewa, bila kujali malipo yametokea wapi. Kwa kuwa mteja wa nje hakukati kodi ya zuio, wajibu wote unabaki kwako.

Sasa tuje kwenye barua. Nitatumia mfano mmoja. Nimechanganya mambo ya watu kadhaa na takwimu nimezibadilisha. Binti mmoja mtafsiri alikuwa na TIN aliyoichukua kwa ajili ya leseni ya udereva, isiyo ya biashara, na hakuwahi kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka. Septemba 2025 akapata barua: kwa mwaka 2024, benki na simu yake vimeingiza jumla ya shilingi 40,500,000, aeleze. Akaja amepauka, akiamini anadaiwa kodi ya kiasi chote hicho.

Barua ya namna hiyo ni swali, si hati ya madai. Lakini asiyejibu ndani ya siku zilizotajwa anatuachia tukadirie kwa tulichokiona, na tulichokiona ni jumla ya maingizo tu. Faida ya 40,500,000 kwa viwango vya mtu binafsi ingezaa kodi ya 10,086,000. Tuone kumbukumbu zilibadilisha nini.

Tulimtaka achapishe taarifa kamili za mwaka mzima, kuanzia Januari 1 hadi Desemba 31, za sehemu nne: jukwaa la kazi, mkoba wa mtandaoni anaopitishia dola, benki, na simu. Taarifa ipakuliwe kama faili, yenye jina la mwenye akaunti, namba za miamala na salio linalotembea. Picha ya skrini haina hayo, na haionyeshi kilichorukwa kati ya picha moja na nyingine. Hapo ndipo afisa huanza kutilia shaka, hata kama hakuna kilichofichwa. Pakua mapema pia: akaunti ikifungwa na jukwaa, historia yake huenda usiipate tena, na sheria inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5.

Kisha akaanza kupunguza kisicho mapato, kila kiasi na karatasi yake. Shilingi 8,700,000 zilizoingia kwenye simu zilitoka benki kwake mwenyewe. Fedha ileile ilikuwa imehesabiwa mara mbili. Alizitia alama kwa rangi moja kwenye taarifa zote mbili, tarehe kwa tarehe. Shilingi 5,000,000 zilikuwa mkopo wa SACCOS, akaambatisha mkataba. Shilingi 2,500,000 zilikuwa michango ya harusi ya mdogo wake, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa mhazini wa kamati. Hiyo ilimsumbua zaidi, maana nani anaandika mchango wa harusi? Bahati nzuri alikuwa na daftari la kamati lenye majina na viwango, na likalingana na maingizo ya simu. Bila daftari lile, kiasi hicho kingebaki kwenye mapato yake.

Zikabaki 24,300,000, naye akadhani ndiyo mapato yake. Hapana, na hapa karibu kila mtu hukosea. Mapato huanzia kwenye kile alicholipa mteja kabla ya jukwaa kukata chake. Fiverr, kwa mfano, humkata mtoa huduma asilimia 20. Taarifa ya jukwaa ilionyesha wateja wamelipa sawa na 32,000,000. Ukitoa kamisheni 6,400,000, gharama za kutoa na kubadili fedha 800,000, na 500,000 zilizokuwa bado kwenye mkoba Desemba 31, unafika 24,300,000 kamili. Hesabu ikikutana namna hiyo, maswali ya afisa huisha haraka. Na zile 500,000 za mkobani ni mapato pia, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuzichukua wakati wowote. Kutozitoa hakuahirishi kodi.

Kila malipo ya dola yaliandikwa kwa shilingi kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku husika. Usichukue kiwango kimoja cha Desemba ukakizidishia mwaka mzima. Mwaka 2024 shilingi ilipanda na kushuka kiasi cha kuharibu hesabu.

Katika matumizi, kamisheni na gharama za kutoa fedha zilikubaliwa kwa ankara za jukwaa na taarifa za mkoba. Kompyuta ya 2,400,000 aliyoinunua mwaka huo kwa risiti ya EFD ilipunguzwa kwa uchakavu wa asilimia 37.5, yaani 900,000. Haiondolewi yote kwa mwaka mmoja. Vifurushi vya intaneti vya kazi vilikuwa 75,000 kwa mwezi, jumla 900,000. Umeme wa nyumba nzima tuliukataa, kwani hakuweza kutenganisha wa kazi na wa friji ya mama yake.

Faida ikawa 23,000,000. Kwa milioni 12 za kwanza kodi ni 1,536,000, na milioni 11 zinazozidi hutozwa asilimia 30, yaani 3,300,000. Jumla 4,836,000. Aliuliza kama angeingia kwenye kodi ya makadirio kama muuza duka. Haikuwezekana, utaratibu ule hauhusu huduma za kitaalamu.

Kuna adhabu pia. Ritani ya 2024 ilitakiwa ifike Juni 30, 2025. Kuchelewa kwa mtu binafsi ni pointi 5 za sarafu, kipimo cha fedha kinachowekwa na sheria, au asilimia 2.5 ya kodi isiyolipwa, kikubwa kati ya hivyo, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Hapa asilimia ndiyo kubwa: 120,900 kwa mwezi, na Julai hadi Septemba ni 362,700. Riba ya kuchelewa kulipa huhesabiwa kando, na huendelea kukua hadi deni liishe. Akiwasilisha Oktoba 1 badala ya Septemba 30, mwezi mwingine mzima unaongezeka.

Ukitumiwa hati ya makadirio usiyokubaliana nayo, pingamizi la maandishi liwasilishwe ndani ya siku 30, pamoja na kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, kilicho kikubwa. Ukiwa na sababu ya msingi unaweza kuomba amana hiyo ipunguzwe au isamehewe, lakini ombi hilo nalo ni la maandishi. Kumpigia simu afisa si pingamizi.

Binti yule alibadilisha TIN yake kuwa ya biashara siku hiyohiyo, akaomba kwa maandishi kulipa deni kwa awamu. Kwa mapato ya 2026 anatakiwa awasilishe makadirio ya kodi anayotarajia ifikapo Machi 31, na siku hiyo ndiyo ya awamu ya kwanza kati ya nne. Nyingine ni Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31.