Gauni halijamkaa mteja: nauli ya kulirudisha alipe nani?

Wauzaji wengi wa nguo mtandaoni huweka mstari mmoja chini ya picha: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mstari huo haufuti wajibu wa muuzaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Anayenunua kwa simu hana kingine cha kushika isipokuwa maelezo na picha.

Chukua mfano huu. Duka la Kariakoo linatangaza gauni saizi L, kifua inchi 42, kwa shilingi 45,000. Mteja wa Mwanza analipa, pamoja na nauli ya basi 6,000. Anapolijaribu, zipu haipandi. Badala ya kubishana, alilaze gauni mezani, apime kwapa hadi kwapa kwa futi ya fundi, na apige picha. Akipata inchi 19, mzunguko wake ni 38. Hapo kosa ni la duka, hata kama lebo ya kiwandani imeandikwa L, kwa sababu saizi za viwanda hutofautiana na duka ndilo lililotaja 42. Kwa haki, duka lirudishe 45,000, nauli ya kuja 6,000, na nauli ya kurudisha 6,000: jumla 57,000.

Ingekuwa gauni lina inchi 42 kamili na mteja hakuipenda rangi tu, hesabu ingebadilika. Duka linaweza kukubali kulipokea kwa hiari, lirudishe 45,000, na nauli zote mbili zibaki kwa mteja. Ni haki pia, ila aambiwe kabla hajalipa.

Sera inayotosha ni fupi:

"Nguo ikiwa na kasoro au tofauti na tulivyotangaza, tujulishe ndani ya siku 7 tangu uchukue mzigo. Utarudishiwa pesa yote na nauli zote. Ukibadili mawazo, irudishe ndani ya siku hizo, haijavaliwa wala kufuliwa, lebo ikiwepo. Nauli ni yako. Nguo za ndani na za kushonwa kwa vipimo vyako hatupokei, isipokuwa zina kasoro. Pesa hurudi ndani ya siku 3 tangu tupokee nguo."

Siku zihesabiwe tangu mteja achukue mzigo. Mzigo unaweza kulala ofisi ya basi siku mbili, na mteja asibebeshwe ucheleweshaji huo. Neno "isipokuwa zina kasoro" lisiondolewe hata kwa nguo za punguzo. Bei ikishuka kwa sababu ya doa, doa lionyeshwe kwenye picha; doa ambalo halikuonyeshwa ni kasoro.

Pesa zirudishwe kwenye namba ileile iliyolipa. Akipiga mtu kwa namba nyingine akidai zitumwe huko, duka lithibitishe kwanza na mwenye namba ya malipo.