Je, wajua cha kumpa mwanafunzi anayemaliza hesabu kabla ya wenzake?

"Darasani kwangu kuna mtoto anamaliza maswali kumi wenzake wakiwa bado kwenye la nne. Nikimwongezea kumi mengine ananuna, nisipompa kitu anasumbua. Nimpe nini?"

Swali moja tu, la mada ile ile, ila liwe swali lisiloisha kwa jibu la kwanza. Na kabla ya kumpa hilo, mpunguzie yale kumi. Hili la kupunguza ndilo linalosahaulika, kwa hiyo nianze nalo.

Mtoto aliyetafuta mzingo wa mstatili mara kumi bila kukosea hapati jipya mara ya kumi na moja. Anachokipata ni somo lingine kabisa: kwamba kuwahi kuna adhabu yake. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana wa miaka kumi hivi, ambaye kwa wiki kadhaa nilidhani kasi yake imepungua, maana alikuwa anamaliza pamoja na wenzake. Siku moja nikapita nyuma yake nikakuta maswali yote yameshajibiwa kwa penseli hafifu, naye anayapitia juu kwa kalamu, moja baada ya jingine, huku akichungulia jirani yake amefika wapi. Ujanja ule nilimfundisha mimi, kwa mazoezi yangu ya ziada.

Siku hizi nafanya hivi. Katika zoezi lenye maswali kumi naweka nyota kwenye matano yaliyo magumu zaidi. Mtu yeyote darasani, si wale tu ninaodhani wanaweza, ana ruhusa ya kuanzia hapo. Akipata manne kati ya matano, na njia yake inaonekana, zoezi limekwisha. Akipata matatu au chini ya hapo anarudi mwanzo na kufanya yote kama wengine, bila maneno. Aliyeweza gumu ameshaonyesha kwamba jepesi analimudu. Upande wa pili, utaratibu huu unamnasa yule anayewahi kumaliza kwa sababu tu analipua kazi, na hao si haba. Kumaliza mapema na kuelewa ni vitu viwili tofauti, na usipovitenganisha hapa utampa mtoto swali la kina ilhali msingi wake una nyufa.

Walimu wengi huogopa kwamba mtoto akiruka mazoezi, alama zitashuka. Hofu hiyo ilijaribiwa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, ripoti yake ikitolewa mwaka 1993, walimu waliwaondolea wanafunzi wenye uwezo mkubwa kati ya asilimia 40 na 50 ya kazi za kawaida walizokwisha kuzimudu. Alama zao za mitihani hazikushuka.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Tuseme darasa linajifunza mzingo na eneo la mstatili. Waliomaliza nawapa uzi wa sentimita 24 uliofungwa ncha kwa ncha, karatasi yenye vyumba vya sentimita moja moja, na sentensi hii: "Uzi huu ni mzingo wa mstatili. Pande zake ni namba nzima. Tafuta mistatili yote, kisha niambie umeona nini." Sisemi zaidi ya hapo.

Kuanza ni rahisi, na lazima kuwe rahisi, kwa sababu wakati huo mwalimu yuko kwa wale wanaohitaji msaada na hawezi kuitwa kila dakika. Urefu na upana vikijumlishwa vinapaswa kufika 12, basi mtoto anaandika: 11 kwa 1, eneo lake 11. Halafu 10 kwa 2, eneo 20. Kisha 9 kwa 3 ni 27, 8 kwa 4 ni 32, 7 kwa 5 ni 35, na 6 kwa 6 ni 36. Hapa wengine husita: mraba nao ni mstatili? Ndiyo, ni mstatili ambao pande zake zimelingana, na mabishano ya dakika mbili kuhusu hilo yana faida kuliko maswali matano ya kukokotoa.

Jambo la kwanza analoliona ni kwamba uzi ni ule ule lakini eneo limepanda kutoka 11 hadi 36, zaidi ya mara tatu. Watoto wengi, na watu wazima pia, huamini kwamba mzingo ukiwa sawa basi na eneo ni sawa. Zoezi la kawaida haliwezi kuwatoa huko, kwa sababu kila swali lina umbo moja na jibu moja, na mtoto hapati nafasi ya kulinganisha.

Mwenye jicho ataandika tofauti kati ya eneo moja na linalofuata: 9, 7, 5, 3, 1. Hapo ndipo mtoto hunyanyua kichwa. Kwa nini namba witiri tu? Kwa nini kwa mpangilio?

Usimjibu. Mpe mkasi. Mwambie akate mraba wa vyumba 6 kwa 6, kisha aubadilishe uwe 7 kwa 5. Atakata mstari mmoja wa chini, wenye vyumba sita. Kilichobaki ni 5 kwa 6. Sasa anataka kuubandika ule mstari ubavuni ili urefu uwe 7, lakini ubavu una vyumba vitano tu. Chumba kimoja kinabaki mkononi. Hicho ndicho kilichofanya 36 iwe 35. Akitaka 8 kwa 4 anakata mistari miwili, vyumba 12, na pembeni vinaenea vinane. Mkononi vinabaki vinne, yaani mraba mdogo wa 2 kwa 2. Kwa 9 kwa 3 vinabaki tisa. Kila ukisogea mbali na mraba, unachopoteza ni mraba mdogo ambao upande wake ni hatua ulizosogea: 1, 4, 9, 16, 25. Toa kila mmoja kwenye 36 na utarudi kwenye orodha yake ya mwanzo. Mtoto wa miaka kumi amethibitisha kwa karatasi kwamba hakuna mstatili utakaoushinda mraba, na hajatumia herufi hata moja ya aljebra.

Angalia pia kile ambacho hakufanya: hakuruka kwenda mada ya mwezi ujao. Kumkimbiza mtoto mbele kuna nafasi yake, ila mwalimu aliye peke yake darasani anapofanya hivyo kila wiki anajikuta na vitabu viwili vya kufundisha kwa wakati mmoja, na mada ikifika kwa darasa yule mtoto amemaliza tena. Kuchimba chini kunambakiza kwenye mazungumzo ya darasa. Kesho yake wenzake wakiuliza kuhusu eneo, ana la kusema na wanamwelewa.

Swali likiisha, lina mtoto wake: "Je, kuna mstatili ambao namba ya mzingo na namba ya eneo ni moja?" Kwa namba nzima ipo miwili tu, 4 kwa 4 yenye 16 na 16, na 3 kwa 6 yenye 18 na 18. Kuipata ni bahati na subira. Kuonyesha kwamba hakuna mingine ndiyo kazi. Upana ukiwa 2, kwa mfano, mzingo unalizidi eneo kwa 4 daima, hata urefu uwe mia, kwa hiyo upana huo unafutwa wote kwa mpigo. Ukiwa 1, hali ni mbaya zaidi. Tahadhari moja: usawa huu ni wa namba tu, kwa kuwa sentimita na sentimita za mraba si kitu kimoja. Upime ule mraba wa 4 kwa 4 kwa milimita, mzingo unakuwa 160 na eneo 1,600. Mtoto akikuumbua kwa hoja hiyo, mshukuru.

Mambo huharibika mara nyingi kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale swali linapogeuka kuwa orodha ndefu: mzingo wa 24, kisha 28, kisha 32, kisha 36, jaza jedwali. Hayo ni maswali kumi ya ziada yaliyovaa kanzu mpya. Kipimo changu ni kusikiliza mtoto anauliza nini. Akiuliza "nimalize mpaka wapi?", umempa kazi zaidi. Akiuliza "ikiwa tunaruhusu nusu, je?", umempa swali. (Na jibu ni kwamba 6.5 kwa 5.5 inatoa 35.75, bado chini ya 36.)

Ya pili ni kumfanya msaidizi wa mwalimu. Akimwelekeza mwenzake mara moja moja, sawa, maana kueleza kunamlazimisha kupanga mawazo. Lakini ikiwa ndiyo kazi yake kila kipindi, hana tena anachojifunza, na mtoto wa miaka kumi aliyechoka hueleza kwa kutaja jibu. Dalili ni madaftari mawili yenye majibu sawa, na moja halina njia.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Swali zuri likiwa la wanaowahi tu, yule anayefikiri taratibu lakini kwa kina halimfikii kamwe. Kwa hiyo angalau kipindi kimoja kwa wiki naanza na uzi kwa darasa lote, mazoezi yakafuata. Mara kadhaa aliyeona zile 9, 7, 5, 3, 1 wa kwanza alikuwa mtu ambaye hajawahi kumaliza zoezi kwa wakati.

Kuhusu kusahihisha, siweki alama. Naandika swali moja pembeni, ama "una uhakika gani?" ama "jaribu 30", na daftari linarudi. Huchukua nusu dakika.

Yule msichana wa penseli hafifu alipewa uzi wake siku ya Jumanne. Alhamisi akanirudishia pamoja na karatasi iliyojaa alama za kufuta. Alikuwa ameuliza jambo ambalo mimi sikuliandika popote: mbona lazima uwe na kona? Alikuwa ameulaza uzi kwa mviringo, akauchora, akahesabu vyumba vilivyo ndani, akaunganisha vipande vya pembeni viwili viwili, akafika karibu 46. Chini yake ameandika kwa kalamu, bila penseli yoyote: "Mraba umeshindwa."