Umemaliza chuo, ajira haijaja: dhana potofu kuhusu kuandika hesabu za vibanda vya Mwanjelwa

Dhana: mwenye kibanda hana haja ya mhasibu, kwa hiyo hatalipa.

Anayo haja, ila haiiti uhasibu. Anaiita kodi. Katika jedwali la kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo lililoanza kutumika 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na 11 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu hulipa 250,000. Anayezitunza hulipa 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. (Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo pitia ofisi ya TRA uone jedwali la mwaka huu kabla ya kumwahidi mtu.)

Chukua kibanda cha vipuri vya bodaboda chenye mauzo ya milioni 8. Bila daftari analipa 250,000. Akiwa na daftari, ni 90,000 na 30,000 ya ile milioni iliyozidi, jumla 120,000. Tofauti ni 130,000. Ukimtoza 5,000 kwa mwezi, kwa mwaka amekulipa 60,000 na bado amebaki na 70,000 zake. Mpigie hesabu hiyo palepale mezani, kwenye karatasi. Cheti chako hatakiuliza.

Kwa hela hiyo, vibanda vitano ni 25,000 tu kwa mwezi. Si mshahara, hata pango la chumba Uyole huenda lisitoshe. Wenye maduka makubwa zaidi hulipa zaidi, lakini kwa jambo jingine: wanataka kujua mzigo unapotelea wapi. Huko ndiko unakojifunza kazi yenyewe. Mzigo wa mwanzo wa mwezi ukiwa 1,200,000, ukanunuliwa wa 900,000, na uliouzwa ukawa wa 1,000,000 kwa bei ya kununulia, rafuni panatakiwa pawe na 1,100,000. Mkihesabu mkakuta 1,020,000, kuna 80,000 za kuulizia. Kabla ya kumshuku kijana wa dukani, angalia daftari la madeni na vitu ambavyo mama mwenye duka amepeleka nyumbani bila kuviandika. Mara nyingi jibu liko hapo.

Dhana: ukishampa daftari, kazi imekwisha.

Daftari hujazwa Jumapili usiku, kwa kubuni. Utalijua: mauzo ya kila siku ni namba za duara, 20,000, 25,000, 30,000, na wino ni mmoja wiki nzima. Pita dukani jioni, hata mara mbili kwa wiki, ulinganishe daftari na hela ya droo na ujumbe wa miamala ya simu.

Dhana: kwa kuwa unajua hesabu, unaweza kumsimamia mteja TRA.

Hapana. Washauri wa kodi husajiliwa. Wewe andaa kumbukumbu, mwenye biashara azipeleke mwenyewe.

Dhana: kazi hii haiandikiki kwenye wasifu.

Andika ulichofanya: maduka mangapi, kwa muda gani, ulinganisho wa mzigo wa kila mwezi. Omba barua yenye namba ya simu ya mwenye duka, na ubaki na jedwali moja la Excel ulilofuta majina.