Kabla hujafuta programu ya uthibitishaji, hesabu sekunde za saa ya simu

Wiki hii nimepigiwa tena simu ileile. Mtu anataka kuingia kwenye akaunti yake, zile namba za tarakimu sita anazopewa na programu ya uthibitishaji zinakataliwa, na mtu wa kwanza kuulizwa ameshatoa ushauri uleule: "Futa programu, ipakue upya, itakaa sawa." Ushauri huu unanikera kuliko mwingine wowote katika kazi yangu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba mara nyingine unaonekana kama umefaulu. Ndiyo maana haufi.

Aliyepiga ni mhasibu. Namba zake anazitoa kwenye simu ya zamani isiyo na laini. Hulala kwenye droo, na waifai ameizima makusudi ili simu isiguswe na mtu kutoka mtandaoni. "Kaka, asubuhi ilikubali," akasema, "mchana ikagoma mara nne, jioni ikakubali tena. Nimeambiwa nifute."

"Dada, usifute kitu. Fungua time.is, ule ukurasa unaoonyesha saa sahihi, kwenye kompyuta, weka ile simu pembeni yake, kisha niambie kompyuta inasoma sekunde ngapi simu inapogeuza dakika."

Tukasubiri. Simu ilipogeuka kuwa 4:20, ukurasa ulikuwa unasoma 4:20:47. Simu yake ilikuwa nyuma kwa sekunde 47, na ugonjwa wote ulikuwa hapo.

Namba hizi hazitumwi na mtu yeyote. Ulipopiga picha msimbo wa QR siku ya kwanza, simu na seva ya huduma unayoingia ziligawana ufunguo mmoja wa siri. Tangu hapo kila upande unachukua ufunguo huo pamoja na saa yake wenyewe na kukokotoa namba peke yake. Muda umekatwa vipande vya sekunde 30, vikianzia sekunde ya 00 na ya 30 ya kila dakika. Simu na seva zikiwa ndani ya kipande kimoja, namba zinalingana. Utaratibu huu uliandikwa mwaka 2011 katika waraka uitwao RFC 6238, nao unaishauri seva ivumilie kipande kimoja tu cha ziada kwa ajili ya ucheleweshaji wa mtandao.

Sasa rudi kwa yule dada. Saa halisi ni 4:20:47, simu yake inadhani ni 4:20:00, hivyo inatoa namba mpya. Kwa seva, namba hiyo ni ya kipande cha 4:20:00 hadi 4:20:30, ambacho kimeshapita. Seva yenyewe iko kwenye kipande kinachofuata. Namba imeachwa nyuma kwa kipande kimoja, kwa hiyo inavumiliwa. Lakini ikifika 4:21:00 seva inasonga mbele, namba inakuwa imeachwa vipande viwili, na inakataliwa. Kati ya 4:20:47 na 4:21:00 ni sekunde 13. Simu itaendelea kuionyesha namba ileile kwa sekunde 17 zaidi, kiduara chake kikipungua taratibu kana kwamba kila kitu ni salama, ilhali seva haiitaki tena.

Kwa hiyo namba yake ilikuwa hai kwa sekunde 13 za mwanzo tu. Akiiwahi ikiwa mbichi na kuiandika upesi, anaingia. Akiikuta katikati, anakataliwa. Na kinachohesabiwa ni wakati namba inapofika kwenye seva. Wakati ulipoisoma haujalishi, kwa hiyo hata mwendo wa vidole umo kwenye hesabu.

Mtu aliyefuta programu na kuunganisha upya huwa makini sana: anasubiri namba mpya itokee, anaiandika haraka, inakubaliwa. Anaondoka akiamini programu ilikuwa imeharibika, na kesho anamshauri mwenzake hivyohivyo. Saa haijaguswa hata kidogo. Huyo ndiye mwenye bahati. Mwingine akifuta, ufunguo wa siri unaondoka na programu. Kama hakuwa na nakala ya akiba wala zile namba za dharura alizopewa siku ya kujiandikisha, amejifungia nje ya akaunti yake mwenyewe kwa kosa la sekunde 47.

Dalili hizi zina faida yake, kwa sababu zinaonyesha saa imeelekea wapi. Kama namba mbichi hukubaliwa na iliyokaa hukataliwa, simu iko nyuma. Kama namba mbichi hukataliwa lakini ile unayoituma ikiwa imeshatoweka kwenye skrini inakubaliwa, simu iko mbele: umeitoa namba kabla ya wakati wake, na ukisubiri, seva inaifikia. Ukihitaji kuingia mara moja kabla ya kurekebisha, tumia ujuzi huo, ila usijaribu mara nyingi, maana mifumo mingi hufunga akaunti baada ya majaribio kadhaa. Nakiri pia kwamba ukiwa nje huwezi kujua seva fulani inavumilia vipande vingapi. Wapo wakali wasiovumilia hata kimoja, na wapo walegevu. Hesabu yangu ya sekunde 13 ni ya seva inayofuata ushauri wa waraka.

Sekunde 47 zilitoka wapi? Saa ya simu huendeshwa na fuwele ya kwazi, na kwazi ya kawaida ikikosea sehemu 20 kwa kila milioni, hiyo ni kama sekunde 1.7 kwa siku. Simu isipoonana na mtandao kwa wiki nne, imefika hapo. Simu yenye laini au intaneti hujirekebisha kimyakimya kabla hujatambua. Ya kwenye droo haina wa kuirekebisha.

Tiba ilikuwa fupi. Aliwasha waifai, akaingia kwenye `Date & time`, akazima `Set time automatically` kisha akaiwasha tena. Kwenye iPhone ni `Settings`, `General`, `Date & Time`, halafu `Set Automatically`. Tukaangalia tena: simu na ukurasa viligeuza dakika pamoja. Akajaribu kwa makusudi namba iliyobakiza sekunde kama kumi, ikapita. Usijaribu kwa namba mbichi, kwa kuwa hiyo ilikuwa inapita hata simu ikiwa mbovu.

Jambo moja zaidi, kwa sababu limewahi kunipotezea mchana mzima. Saa kuonekana sahihi usoni hakutoshi. Kuna mtu simu yake ilikuwa na ukanda wa saa usio wake, ikawa nyuma kwa saa tatu. Badala ya kubadilisha ukanda, aliisogeza saa mbele kwa mkono. Skrini ikawa sawa, lakini namba hazikokotolewi kwa kile unachokiona. Hukokotolewa kwa sekunde zilizohesabiwa tangu 1 Januari 1970 kwa UTC, saa ya dunia isiyobadilika kwa ukanda, na hizo akawa amezisukuma mbele kwa saa tatu. Hapo hakuna namba mbichi wala iliyokaa itakayokubaliwa. Ukiona zinakataliwa zote bila hata moja kupita, tazama ukanda wa saa kwanza, na tarehe pia.

Na kama watu wote wa ofisi wanakataliwa kwa wakati mmoja, acheni simu zenu. Mwambieni anayesimamia seva aangalie saa yake. Kwenye Linux ni amri moja:

```
timedatectl
```

Mstari wa `System clock synchronized` ukisema `no`, ameshapata pa kuanzia.

Yule dada ameamua kuiwashia simu yake waifai mara moja kwa wiki, kwa dakika chache, kisha anairudisha kwenye droo.